Lebo ya chupa ya mviringo: urefu na kimo chake vinatoka wapi

*"Fundi, salaam aleikum. Nakamua mafuta ya nazi nyumbani Kisauni na kuyauza kwenye chupa za plastiki za mviringo, mililita 250. Nilipima kitako cha chupa kwa rula nikapata sentimita 6, nikazidisha kwa 3.14, nikaongeza sentimita moja ya gundi, nikamwambia mpiga chapa anikatie lebo za sentimita 19.8 kwa kimo cha sentimita 10. Nimechapisha 500. Sasa chupa nyingine ncha za lebo zinapandana milimita moja tu, nyingine zinagusana, nyingine zinaacha uwazi wa milimita moja. Juu nako karatasi inafanya makunyanzi kuanzia kama sentimita moja chini ya ukingo. Mpiga chapa asema kosa ni langu, nami hesabu yangu naiona sawa. Nimekosea wapi, na lebo mpya iwe na vipimo gani?"*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hesabu yako ni sawa, na mpiga chapa naye hana kosa. Kilichokuangusha ni ile sentimita 6 ya mwanzo. Lakini usizitupe hizo lebo, maana ndizo zitakazotupa vipimo vya kweli vya chupa yako bila hata mimi kuiona.

Lebo yako ina urefu wa milimita 198. Chupa ambayo ncha zinagusana tu ina mzingo wa milimita 198 barabara. Ile iliyoacha uwazi wa milimita moja ina 199, na ile iliyopandana milimita moja ina 197. Ukigawa 198 kwa 3.14 unapata kipenyo cha milimita 63, si 60. Ulipungukiwa milimita 3 tu kwenye kipenyo, lakini kipenyo kikizidishwa kuwa mzingo, kosa nalo linazidishwa. Milimita 3 zikawa karibu 9 na nusu. Sentimita moja uliyoongeza kwa ajili ya gundi ililipia kosa hilo, ikaisha yote.

Na kwa nini rula ilisema 6? Kwa sababu ulipima kitako. Chupa nyingi hujikunja kuingia ndani pale chini, ili isimame kwenye duara dogo kuliko mwili wake. Hata ukipima mwilini, rula haikai katikati kabisa ya duara, na ikikwepa kidogo inasoma pungufu. Fundi mwenye kalipa, kile kifaa kinachobana kitu pande mbili na kusoma upana wake, anaweza kupima kipenyo akaaminika. Mwenye rula asipime kipenyo kabisa, apime mzingo moja kwa moja.

Njia ni nyepesi. Kata ukanda wa karatasi ileile utakayochapia, upana wa vidole viwili, uzungushe kwenye mwili wa chupa pale lebo itakapokaa. Uvute ukaze bila kuupinda, na uhakikishe kingo za ukanda zinalingana unapojirudia juu ya mwanzo wake. Zisipolingana umeuzungusha mshazari na utasoma zaidi ya kweli. Kisha toboa kwa sindano tabaka zote mbili kwa pamoja, ufungue, upime kutoka tundu hadi tundu. Huo ndio mzingo, na unene wa karatasi umeshahesabiwa ndani yake. Tepu ya fundi cherehani usiitumie. Ikishazeeka huvutika ikarefuka, na milimita mbili tatu kwenye nguo hazionekani, kwenye lebo ndizo zote tunazozitafuta. Wewe hata ukanda huhitaji. Chukua lebo zako mbovu uzifanye kipimo.

Pima chupa iliyojaa mafuta, imefungwa kifuniko na imepoa, kwa kuwa plastiki nyembamba hutanuka kidogo ikijaa. Na usipime chupa moja. Chukua kama kumi, kutoka kwenye katoni tofauti ikiwezekana, uandike mzingo mkubwa kuliko yote na mdogo kuliko yote. Wastani hautusaidii kitu hapa. Lebo isiyofika kwenye chupa nene ni lebo iliyoharibika, hata kama kwenye chupa ya wastani imekaa vizuri. Kwa zako, tuchukue 199 kuwa kubwa na 197 kuwa ndogo, mpaka utakapopima katoni nyingine.

Sasa tuje kwenye gundi. Watu wengi hudhani lebo ya kuzunguka inashikwa na chupa. Gundi nyeupe ya maji haishiki plastiki vizuri, sembuse plastiki iliyoguswa na mafuta ya nazi. Inachoshika kwelikweli ni karatasi kwa karatasi. Kwa hiyo lebo yako inakaa kwa kuukumbatia mwili wa chupa, na kukumbatia huko kunategemea ile sehemu nyembamba ambapo ncha moja inapanda juu ya nyingine. Ncha ya kwanza huwekewa gundi kidogo, au kipande cha tepu ya pande mbili, ili tu isiteleze unapozungusha.

Kwa anayebandika kwa mkono, mimi husema sehemu ya kupandana isipungue milimita 8 kwenye chupa nene kuliko zote. Gundi yenyewe inahitaji mstari wa milimita 4 au 5. Mkono ukikosea milimita moja bado umo ndani, na ukingo wa nje unabaki na nafasi kidogo ili gundi isitoke ikachafua uso wa lebo. Chini ya milimita 6 utaanza kuona kona zikinyanyuka. Ukipita 12 hupati nguvu zaidi. Unapata mgongo mnene unaosikika kwa kidole na sehemu pana iliyolowa inayokauka kwa mikunjo.

Kwa hiyo urefu ni mzingo mkubwa na upandanaji mdogo unaoukubali: 199 na 8, yaani milimita 207. Kisha rudi kwenye chupa ndogo uhakikishe hujazidisha: 207 ukitoa 197 ni 10. Zitapandana kati ya milimita 8 na 10, na hapo pazuri. Ungekuta tofauti ya chupa zako ni kubwa, tuseme milimita 5 au 6, ningekwambia zungumza na muuza chupa kabla ya kuzungumza na mpiga chapa, kwa sababu huenda anakuuzia chupa za kiwanda tofauti zinazofanana kwa macho tu.

Kuna jambo la mchoro ambalo huletwa na sehemu hiyohiyo ya kupandana. Ncha itakayokuwa chini haitaonekana, kwa hiyo isiwekewe maandishi. Na isiwekewe rangi yote pia, kwani wino mzito, tona ya mashine ya leza na plastiki ya lamineshani huzuia gundi ya maji isiingie kwenye karatasi. Lakini rangi ikikomea mahali hasa ncha ya juu inapofika, chupa nene itaonyesha mstari mweupe mgongoni. Kwa lebo yako ya 207, anza kuhesabu kutoka ukingo wa ncha ya juu. Kwenye chupa nene zinaonekana milimita 199, kwenye ndogo 197. Acha rangi iendelee hadi 201, yaani iingie chini milimita 2 kwenye chupa nene, kisha milimita 6 za mwisho ziwe karatasi tupu ya kupaka gundi. Maandishi yenyewe yasikaribie ncha yoyote inayoonekana kwa chini ya milimita 5, hasa tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo sijui kwa nini kila mtu hupenda kuiweka ukingoni.

Makunyanzi ya juu ni habari nyingine kabisa, na hayana uhusiano na gundi. Karatasi hukubali kupindwa upande mmoja. Mwili wa chupa ukiwa umenyooka kama bomba, karatasi inaufuata bila taabu. Bega la chupa linapinda pande mbili kwa wakati mmoja, na hapo karatasi haina njia. Jaribu kufunga chungwa kwa karatasi uone. Tazama kwa hesabu: mwilini mzingo ni 198, lakini pale bega lilipojikunja kiasi cha kipenyo kupungua milimita 2 tu, mzingo umepungua zaidi ya milimita 6. Lebo yako bado ina urefu uleule, na hizo milimita 6 lazima ziende mahali. Zinakwenda kwenye makunyanzi. Ukikaza zaidi unazihamisha tu kutoka pembeni hadi mgongoni.

Kwa hiyo kimo cha lebo hakipimwi kutoka kitakoni hadi shingoni. Kinapimwa kwenye sehemu iliyonyooka peke yake. Simamisha chupa dirishani, egemeza rula wima kwenye mwili wake, utazame mwanga unapita wapi kati ya rula na plastiki. Pale juu mwanga unapoanza kupenya, bega limeanza. Tia alama kwa kalamu. Fanya vivyo hivyo chini, ambako kitako kinaanza kujikunja. Uwe mkali hapo. Bega huanza polepole, na macho yanapenda kuliona juu zaidi ya lilipo.

Lebo zako zinatupa jibu la karibu hapa pia. Kama uliziweka zikianzia chini kabisa ya chupa, na makunyanzi yanaanza sentimita moja chini ya ukingo, basi mwili unaacha kunyooka kama milimita 90 kutoka chini. Tutoe kama milimita 4 za kitako kilichojikunja, inabaki sehemu iliyonyooka ya milimita 86. Hiyo 4 nimeikadiria mimi kwa chupa za aina hiyo, kwa hiyo uithibitishe kwa rula na dirisha. Halafu usijaze sehemu yote. Acha milimita 2 juu na 2 chini, kimo kiwe 82. Nafasi hiyo ni ya mkono wako unaobandika mshazari kidogo, na ya kisu cha mpiga chapa kinachoweza kukosea nusu milimita au moja. Ukingo wa chini ukikaa kwenye mkunjo wa kitako, hautakunjamana sana kama juu, lakini utanyanyuka, kisha utachakaa kila chupa inapoburutwa juu ya rafu.

Kabla ya kuondoka kwenye umbo la chupa, fanya jaribio moja la bure. Pima mzingo juu ya sehemu iliyonyooka, kisha upime chini yake. Chupa na makopo mengine ya plastiki huwa membamba kidogo upande mmoja, na jicho halioni. Ukikuta tofauti ya milimita 3 kwenye sehemu ya milimita 86, lebo iliyokatwa mstatili ukiianza ikiwa sawa itamaliza mzunguko ikiwa imepanda milimita 3 na zaidi kuelekea upande mpana, na kingo hazitalingana hata uwe na mkono wa namna gani. Tofauti ya nusu milimita haina neno. Ikifika milimita moja na nusu hivi, punguza kimo cha lebo au ufikirie lebo isiyozunguka yote. Ikizidi hapo, lebo inatakiwa ikatwe kwa upinde, na hiyo si kazi ya kuelekezana kwa maandishi. Peleka chupa mkononi kwa mpiga chapa mwenye uzoefu wa vifungashio.

Kuna karatasi yenyewe, na kwa sisi wa Mombasa hili lina uzito. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja. Hewa ikiwa na unyevu, kila uzi hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka, na karatasi nzima hutanuka kwa upande unaokatiza nyuzi, mara kadhaa zaidi ya inavyotanuka kuzifuata. Lebo iliyotoka kwenye mashine ya tona imekaushwa na moto, pengine katika chumba chenye kiyoyozi. Ukiileta nyumbani Kisauni wakati wa mvua za masika, inakunywa unyevu na kukua. Asilimia moja tu ya milimita 198 ni karibu milimita 2, na lebo iliyokuwa imeikumbatia chupa inaanza kuzunguka kama bangili. Basi mwambie mpiga chapa urefu wa lebo ufuate nyuzi. Kumjaribu ni rahisi: kata kipande cha mraba, tia alama upande unaokwenda na urefu wa lebo, lowesha uso mmoja. Kitajikunja kama mwanzi, na mwanzi huo unalala kuzifuata nyuzi. Ukilala upande wa alama yako, karatasi imekatwa vizuri.

Sikufichi kwamba kuna gharama yake. Karatasi ikipindwa kukata nyuzi zake ni ngumu zaidi, kwa hiyo itataka kufunguka wakati gundi bado mbichi. Kwa karatasi ya gramu 80 hadi 100 na chupa nene kama yako haisumbui. Unashika kwa hesabu ya kumi au unavalisha mpira wa kufungia pesa. Kwa karatasi nene ya gramu 150 kwenda juu itakutesa, na mimi singeichagua kwa kubandika kwa mkono. Vyovyote vile, acha lebo mpya zipumue chumbani utakamobandikia siku nzima kabla ya kuanza, na upanguse kila chupa kwa kitambaa chenye spiriti ili mafuta yasikaribie gundi.

Utaniuliza, je, si bora stika? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Stika ina gundi mgongo mzima, haitegemei kukumbatia, na ukitaka unaweza kuifanya fupi kuliko mzingo kwa makusudi: ukikata milimita 190 utabaki na uwazi wa milimita 7 hadi 9 mgongoni, na hakuna mnunuzi atakayehesabu. Hutahangaika na mahali pa kupandana. Lakini bei yake kwa kila chupa ni kubwa kuliko karatasi na gundi, na stika ukiikosea mwanzoni hairudi nyuma. Kwa anayeuza chupa chache kwa wiki ningesema stika. Kwa 500 na kuendelea, karatasi yako ina maana, ilimradi vipimo vikae.

Mtego wa mwisho uko kwenye kompyuta ya mpiga chapa. Faili ya milimita 207 inaweza kutoka 201, kwa sababu programu imeambiwa ipunguze ukurasa uenee ndani ya kingo za mashine. Kwenye Acrobat Reader hiyo huitwa `Fit`. Mwambie achague `Actual size`. Usimwamini neno, chora mstari wa milimita 100 pembeni ya lebo kwenye faili na uupime kwa rula kwenye karatasi ya kwanza inayotoka. Ukiwa 97, simamisha kazi hapohapo. Na asikushawishi kupunguza lebo ili mbili zienee kwenye upana wa A3: mbili zako ni milimita 414, A3 ina 420, na baada ya kingo ambazo mashine haichapi hakuna nafasi ya kukatia. Kwenye karatasi ya SRA3, yenye 450 kwa 320, zinaingia sita bila kubanana. Ila nyuzi za karatasi hiyo ziwe zinakwenda na upande wa 450, kwa maana ndiko urefu wa lebo unakolala.

Zile 500 zina njia mbili. Unaweza kuzikata juu zibaki kimo cha 82, kama mchoro wako unaruhusu, na kuzipaka gundi ya kunyunyiza mgongo mzima, uzikubali na mshono unaogusana tu. Jaribu kwanza kwenye chupa tano, uziache wiki moja. Au utafute chupa nyembamba zaidi. Lebo ya 198 ikitolewa 8 inabaki 190, yaani chupa ya kipenyo cha milimita 60 na nusu au pungufu. Usishuke sana lakini: ikifika 58, lebo itapanda milimita 16 juu ya mchoro wako. Nenda dukani na lebo mkononi, si na rula, uizungushe kwenye chupa uone.

Kabla ya kulipia maelfu, omba lebo tano za majaribio, zibandike kwenye chupa nene na chupa nyembamba ulizozitenga, na uziache mpaka kesho yake. Na kama siku moja utahamia mashine ya kubandikia, usiende na 207 hii. Kila mashine ina kipimo chake cha kupandana, na mwenye mashine ndiye atakayekupa mchoro wake baada ya kuipima chupa yako kwa kalipa.